Dakika Arobaini Bila Simu

Tangazo lenyewe ni karatasi moja tu. Limebandikwa kwenye geti la msikiti wetu, hapa Nairobi, na kutumwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Linasema kuanzia Ijumaa hii, saa sita hadi saa nane mchana, barabara ya msikiti itakuwa ya kwenda upande mmoja. Kuegesha ni upande wa kushoto pekee, mstari mmoja. Wazee watashushwa getini, kisha gari liende uwanja wa shule. Mbele ya geti la jirani hakuna kuegesha, "hata kwa dakika tano".

Watu walicheka hapo mwisho. Kila mtu anazijua hizo dakika tano.

Mimi niko kwa timu ya vijana wa riflekta, wale wa kupunga mikono na kupuuzwa. Kisheria hatuna nguvu ya kusimamisha gari la mtu, sisi ni kuomba tu. Ndiyo maana kamati ilienda kwanza kuongea na polisi, na Ijumaa askari wa trafiki husimama pale juu. Bila yeye, "upande mmoja" ni maoni yetu tu.

Shida ya Ijumaa haiko wakati wa kuingia. Watu hufika kidogo kidogo, kwa muda wa saa nzima. Shida ni kutoka. Imamu akitoa salamu, mamia ya watu wanasimama pamoja, na wengi wana bosi anayewangoja saa nane. Hapo ndipo unagundua kuna gari limeegeshwa nyuma ya lako. Dini inamsifu anayewahi Ijumaa: wa kwanza ni kama aliyetoa ngamia, wa mwisho ni kama aliyetoa yai. Lakini kwa barabara yetu, mwenye ngamia alikuwa anafungiwa na mwenye yai.

Rasimu ya kwanza ya tangazo ilikuwa na suluhisho rahisi: acha namba yako ya simu kwenye dashibodi, ukihitajika utapigiwa. Ilionekana poa, hadi mzee mmoja wa kamati akauliza, "Vijana wangu, nani atashika simu wakati wa hotuba?"

Kimya. Hotuba ikianza, hairuhusiwi kuongea, hata kumwambia jirani yako anyamaze. Simu zimezimwa sauti. Huwezi kutangaza namba za gari kwa spika, imamu yuko juu ya mimbari. Ukijumlisha hotuba mbili na rakaa mbili, kwetu ni kama dakika arobaini ambazo hakuna dereva anayeweza kuitwa. Gari likishafungiwa hapo, limefungiwa.

Kwa wengi wetu hiyo ni kero tu. Kwa mama wa geti la kijani, hapo mkabala na msikiti, ni jambo lingine. Yeye si Muislamu, na husafishwa damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa. Zamu yake ya Ijumaa ni saa nane. Alikuja kwa kamati mwenyewe, akakaa, akasema polepole: "Wanangu, sikatazi mtu kuomba. Lakini nikichelewa, mashine hainingoji. Kuna mwingine nyuma yangu. Wananikatia masaa." Hakupandisha sauti. Ile habari ya namba za simu ikafutwa siku hiyo hiyo.

Badala yake tulipima barabara. Ina upana wa mita sita. Gari moja likiegeshwa linakula karibu mbili. Ukiegesha pande zote mbili zinabaki mbili, na ambulensi ni pana karibu hivyo hivyo, hata kabla hujahesabu vioo vyake. Ukiegesha upande mmoja zinabaki nne. Basi tukaamua upande wa kulia, ule wa geti la kijani, ubaki mtupu kabisa. Koni zinawekwa saa tano na nusu, kabla gari la kwanza halijafika, kwa sababu ukisubiri adhana umechelewa.

Bei yake ni nafasi kama ishirini tulizopoteza. Hizo gari sasa zinaenda uwanja wa shule, dakika tano kwa miguu, na mvua ikinyesha uwanja unakuwa tope na watu wananuna. Wageni nao hawajasoma tangazo. Ijumaa ya tatu, mmoja aliteremka, akaisogeza koni kwa mguu, akaniambia, "Bro, naswali tu natoka."

Nikamwonyesha lile geti, nikamwambia kuna mgonjwa anatoka saa saba na robo. Akatazama geti, akatazama saa yake. Kisha akarudisha koni mahali pake, kwa mkono, na kuuliza shule iko wapi.

Saa saba na robo, imamu akiwa bado kwenye hotuba, geti la kijani lilifunguliwa na gari likatoka bila honi hata moja.