Kabla hujasema "anaimba kama demu", msikilize Kaisari

Wadau, wiki iliyopita niliweka hapa kipande kifupi cha msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, akiimba jukwaani bila mashine ya kunyoosha sauti. Anapanda juu, juu kabisa, na anakaa hukohuko. Chini yake nikaandika utani wa mstari mmoja, kwamba huyu jamaa kaazima koo la dada yake. Komenti zilizofuata mnazijua maana mliziandika nyie. "Dume zima linaimba kama demu." Kuna nyingine nilizifuta.

Kilichonikaa rohoni ni ule utani wangu mwenyewe. Mimi ni mtu wa Issenye, na kwenye kwaya ya kanisa letu nilikuwa naimba sauti ya kwanza, nimesimama katikati ya kina dada, mpaka nilipofika form two. Sauti ilipoanza kukwaruza nikahamishiwa tena, mambo yakaisha. Nilikuwa na mwenzangu ambaye yeye hakushuka. Tulifika form four bado anaimba kule juu, safi, na vijana wakampa jina la kike. Nami nilicheka nao. Jumapili moja hakuja, na hakurudi tena kwaya.

Basi usiku ule wa komenti nikaingia Yutubu kutafuta wanaume wenye sauti za juu, nikitaka kujitetea tu. Nikaangukia rekodi ya zamani inayokwaruza kama sufuria linalosuguliwa mchanga. Mwimbaji anaitwa Alessandro Moreschi, imerekodiwa Roma, Vatikani, mwaka 1902. Sauti si ya mama, si ya mtoto, na si ya mwanaume anayebana koo. Sikulala mpaka nilipojua ni nini.

Alikuwa towashi. Neno hilo mnalijua kutoka kwenye Biblia, yule afisa Mwethiopia aliyekutana na Filipo njiani. Huko Italia, kwa miaka kama 300, kulikuwa na wavulana waliohasiwa kabla ya kubalehe, wengi kati ya miaka 7 na 12, ili sauti zao zisishuke. Naomba tusome hili kama watu wazima, bila kucheka.

Aliyekulia kwenye ng'ombe atanielewa haraka. Dume likihasiwa dogo linakuwa maksai. Linarefuka miguu, lakini shingo haijai kama ya fahali na nundu haisimami vile. Ni homoni ile ya kiume inayokosekana, testosteroni. Kwa mvulana, homoni hiyo ndiyo inayokuza kisanduku cha sauti pale kooni na kurefusha na kunenepesha nyuzi zake, ndiyo maana sauti inashuka. Isipokuwepo, nyuzi zinabaki fupi na nyembamba. Ila mwili mwingine unaendelea kukua, tena mifupa inachelewa kufunga, kwa hiyo wengi wao walirefuka mikono na miguu, na kifua kikawa kipana. Piga picha: nyuzi za mtoto, mapafu ya mtu mzima. Mtoto wa kwaya ana nyuzi hizo lakini pumzi inamwishia. Mama ana pumzi, lakini kifua chake kwa kawaida ni kidogo kuliko hicho. Na yule msanii wetu anayepanda juu anatumia falseto, yaani nyuzi zake ndefu anazifanya zitetemeke kwenye kingo tu. Hakuna aliyemkata popote. Ni vitu viwili tofauti kabisa, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui.

Lakini kuhasiwa hakukumfanya mtu mwimbaji. Waliofanikiwa walisota kwa miaka mingi. Napoli kulikuwa na shule nne za muziki ambazo zilianza kama vituo vya yatima, na humo wavulana hawa walilazwa vyumba vyenye joto zaidi kuliko wenzao, kwa kuogopa mafua. Zoezi lao maarufu unaweza kulijaribu sasa hivi: shika noti moja kwa pumzi moja, ianze nyembamba kama uzi, inenepe taratibu mpaka mwisho wa nguvu zako, halafu uirudishe nyembamba vilevile bila kuyumba. Mimi ilikatika njiani. Farinelli, aliyezaliwa 1705 kwa jina la Carlo Broschi, alijulikana Ulaya nzima kwa noti hiyo moja.

Kwa nini walifanya hivi? Sababu kubwa ni wanawake kunyamazishwa. Kanisani walichukua maneno ya Paulo kwa Wakorintho na kuyageuza sheria, kwamba mwanamke asiimbe kwaya. Roma, chini ya utawala wa Papa, mwanamke hakuruhusiwa hata jukwaani. Muziki ulihitaji sauti za juu, na wenye sauti za juu walifungiwa nje. Badala ya kuwafungulia mlango, wakubwa waliona ni rahisi zaidi kumkata mtoto wa kiume.

Na kisheria ilikuwa kosa! Mwaka 1770 Mwingereza mmoja, Charles Burney, alizunguka Italia akiuliza wavulana hawa wanahasiwa wapi. Milano wakamwambia ni Venezia. Venezia wakasema ni Bologna. Bologna wakakataa, wakamtuma Firenze, Firenze wakamtuma Roma, Roma wakasema ni Napoli. Familia zilikuwa na hadithi zao, mtoto alianguka kwenye farasi, mtoto aliumwa na nguruwe. Niliposoma hapo nilicheka kidogo halafu nikaacha. Sisi wa Mara tunaijua lugha hiyo. Nimewahi kumsikia mzee akiulizwa kuhusu ukeketaji wa mabinti, akasema mambo hayo yapo, ila kijiji cha pili.

Sasa tuje kwenye opera yenyewe, maana ndiko kulikonifumbua macho. Februari 1724 huko London, Handel alitoa opera yake ya Giulio Cesare, habari ya Julius Kaisari akiwa Misri na malkia Kleopatra. Jiulize ungempa nani nafasi ya Kaisari, jemadari aliyeiteka nusu ya dunia. Ungemtafuta mtu wa besi, sivyo? Handel alimpa towashi, Senesino, mwenye sauti ya alto. Besi walipewa wasaidizi, mmoja ofisa wa Kaisari na mwingine jemadari wa upande wa Misri. Kleopatra aliimbwa na mwanamke, Francesca Cuzzoni. Sesto, kijana wa kiume anayetaka kulipiza kisasi cha baba yake, naye aliimbwa na mwanamke, Margherita Durastanti. Na mfalme mbaya, Tolomeo, towashi mwingine.

Kwa hiyo sauti ya juu haikuwa alama ya uke, na wala si ya wema, maana hata yule muovu alikuwa nayo. Ilikuwa alama ya cheo na ujana. Shujaa na mfalme walikaa juu, na anayenguruma chini alikuwa mzee au mtumwa wa amri za wengine. Watu wa London walikaa pale wakamsikia Kaisari akitoa vitisho vya vita kwa sauti ambayo nyie mngeiita ya demu, na hawakuona ajabu. Walikuwepo waliowakejeli matowashi, tena sana, lakini Kaisari alibaki Kaisari.

Mwaka mmoja baadaye, 1725, huko Napoli, ikatokea kubwa zaidi. Hasse alitunga kazi ya waimbaji wawili tu, Marcus Antonius na Kleopatra. Kleopatra aliimbwa na Farinelli, kijana wa miaka 20. Marcus Antonius, mwanajeshi wa Kirumi, aliimbwa na mwanamke, Vittoria Tesi, aliyekuwa na sauti nzito ya kuvutia. Mwanaume malkia, mwanamke jemadari, wanaimbiana mapenzi, na hiyo ilikuwa burudani ya wenye pesa nyumbani kwa tajiri wa benki. Hakuna aliyeandika "dume zima".

Naona mtu ananiandikia tayari: kumbe ilikuwa enzi nzuri! Hapana, usinielewe vibaya. Masikio yao yalikuwa mapana kuliko yetu, ila bili aliletewa mtoto. Wengi waliohasiwa hawakuwa Farinelli. Wengine sauti haikutoka kitu, wakaishia kwaya za miji midogo. Kanisa lililowaajiri liliwakatalia ndoa. Tenducci, towashi mmoja, alioa binti huko Ayalandi mwaka 1766, na ndoa ile ikaja kubatilishwa mahakamani. Hata Farinelli, aliyepokewa na mfalme wa Hispania na kukaa huko zaidi ya miaka 20, mwili wake ulibeba deni hilo mpaka kaburini. Mwaka 2006 mabaki yake yalifukuliwa Bologna. Wataalamu walikuta mtu mrefu, mifupa imedhoofika, kingo za nyonga zake hazijafunga kama za mtu mzima, na mfupa wa paji la uso umenenepa kwa namna inayoonekana zaidi kwa wanawake wazee. Alikufa na miaka 77.

Opera iliwaacha miaka ya 1820 hivi, ladha ilipohamia kwa matena na wanawake. Kanisa lilichelewa. Papa Pius wa 10 aliamua mwaka 1903 kwamba sauti za juu ziimbwe na watoto wa kiume. Wanawake bado nje! Moreschi aliendelea kuimba pale Vatikani mpaka 1913, akafa 1922. Ndiye towashi pekee aliyeacha rekodi za kuimba peke yake. Hakuwa Farinelli, na mashine za wakati huo zilikuwa duni, kwa hiyo ukimsikiliza usidhani ndivyo Kaisari alivyosikika.

Kaisari mwenyewe unaweza kumpata leo. Kuna kipindi katika karne ya 20 walimshusha, akaimbwa na wanaume wa sauti nzito ili "asikike kiume", na muziki ukawa mzito kama trekta. Siku hizi wanampa mwanamke, au mwanaume wa falseto, kila kitu kikiwa kwenye noti zake. Mimi nimewasikiliza wote. Nampendelea mwanamke, ana nguvu zaidi kwenye zile nyimbo za hasira.

Ule utani wa wiki iliyopita nimeufuta. Nimemtumia pia yule mwenzangu wa kwaya kipande cha Kaisari akiapa kisasi, bila maelezo mengi, nikaandika tu "samahani ya miaka ile". Alikaa siku mbili. Jana usiku akarudisha ujumbe wa sauti wa sekunde kumi na tisa, hajasema neno, ameimba tu ule wimbo tuliokuwa tunafungulia ibada. Yuko juu palepale. Siuweki hapa, hajaniruhusu.