Karo Iko Udongoni

Huku Rangwe, njugu zilizopandwa mwanzo wa masika huiva Juni ama Julai, katikati ya muhula wa pili. Unapasua ganda, ukikuta limeanza kuwa jeusi ndani, ni wakati wa kung'oa. Ukichelewa, zinakatikia udongoni, nyingine zinachipua.

Ndiyo maana nikiwa kidato cha pili nilimwandikia mwalimu wa hesabu, bila ule uongo wetu wa malaria: "Mwalimu, nitakosa siku nne. Tunang'oa njugu na mama, na hizo ndizo karo yangu. Jioni nitaazima daftari la jirani ninakili. Jumatatu nitaleta mazoezi yote."

Akajibu chini ya barua: "Sawa. Jumatatu utafanya logi ubaoni."