Siku ya Kuhesabu Miche

Mapema mwaka huu niliona picha ya kikundi cha vijana wa kujitolea jijini Dar es Salaam wakipanda mikoko. Walikuwa wamezama kwenye tope hadi magotini, kila mmoja ameshika mche kama mwenge, na nyuma yao bahari imetandaa. Nilivutiwa, nikawaandikia maneno yale ambayo wengi wetu huyaandika: hongereni sana, safari ijayo nami nimo. Watu zaidi ya ishirini walikuwa wamekwisha kusema hivyohivyo kabla yangu.

Jibu lilikuja siku ya tatu, kutoka kwa binti anayeratibu kazi zao. Aliandika: “Shikamoo Mwalimu. Safari ijayo hatupandi, tunahesabu. Ni Jumamosi ya bamvua. Maji yatapwa kabisa baada ya saa nne asubuhi, kwa hiyo tukutane saa tatu. Vaa viatu vya kufunga kwa kamba, tope huvua ndala. Je, una nafasi ngapi kwenye gari?” Nikajibu kwamba ninazo nne. Hapo ndipo nilipogundua kwamba ujumbe wangu wa kwanza haukuwa ahadi. Haukuwa na siku, haukuwa na saa, wala haukueleza ninachoweza kufanya. Yeye ndiye aliyeugeuza kuwa ahadi kwa kuniuliza swali moja. Kati ya wote tuliosema tumo, Jumamosi ile tulifika watatu.

Kuhesabu miche ni kazi rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Tulifunga kamba kati ya vijiti viwili, tukawa tunatembea wawiliwawili kando ya mstari, mmoja akitazama na mwingine akiandika. Mche wenye majani mapya juu ni hai. Usio na majani hukwaruzwa gome kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, bado una uhai, ukiona kahawia kavu, umekufa. Penye shimo tupu huandikwa “haupo”. Kishawishi kikubwa ni kuruka mashimo matupu na kuhesabu yanayoonekana tu, na nakiri kwamba katika mstari wa kwanza nilifanya hivyo mpaka binti yule aliponirudisha nyuma kwa upole.

Kulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni uwanda wa tope ulio wazi, karibu na bahari, palepale pa ile picha. Ilikuwa imepandwa miche 200 ya mkoko, ule wenye mbegu ndefu kama kalamu inayoanza kuota ingali mtini. Tulikuta 22 hai. Mingi kati ya iliyosimama ilikuwa imezingirwa na vidudu vya magamba magumu, vile vinavyoganda kwenye mbao za mashua, na uzito wake ulikuwa umeilaza. Sehemu ya pili iko juu zaidi, nyuma ya tuta lililobomoka la shamba la chumvi lililoachwa. Huko walipanda miche 150 tu, tukakuta 104 hai. Tena, kando ya mkondo uliopenya kwenye tuta lile, michu midogo ilikuwa imeota yenyewe kwa wingi, wala hakuna aliyeipanda.

Sababu ya tofauti hii haina fumbo. Mikoko huota katika ukanda wa juu wa pwani, takriban kuanzia usawa wa wastani wa bahari hadi pale bamvua inapofika. Hupenda kufunikwa na maji, lakini hupenda vilevile kupata saa nyingi za hewa. Chini ya ukanda huo mche hukaa majini sehemu kubwa ya siku, hupigwa na mawimbi, na magamba hupata wakati wa kuushika. Isitoshe, mti unaotangulia mbele ya bahari kwa kawaida ni mlilana au mchu. Mkoko hufuata nyuma yao. Wapandaji huupenda mkoko kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Kosa hili si la vijana wetu peke yao. Nchini Ufilipino, ambako mikoko ilipandwa kwa miongo mingi na kwa fedha nyingi, watafiti walieleza mwaka 2008 kwamba kiasi kilichosalimika kwa ujumla kilikuwa kati ya asilimia 10 na 20, na sababu kubwa ilikuwa hiihii: mti usiofaa mahali pasipofaa.

Mzee mmoja mvuvi alikuwa ameketi juu ya ngalawa yake akitutazama. Nilimwamkia, nikamwuliza kama aliwahi kuona mikoko kwenye uwanda ule. Akasema, “Tangu utoto wangu hapo hapajawahi kusimama mti. Hapo wanawake huokota chaza.” Nilipomwuliza kwa nini hakuwaambia vijana, alinijibu kwamba walikuja na basi, wakapanda, wakapiga picha, wakaondoka kabla maji hayajajaa, hakuna aliyemwuliza.

Basi kwa nini wapandaji huelekea kwenye uwanda wa chini? Nadhani jibu ni la kisiasa kuliko la kibiolojia. Ardhi ya juu ina wenyewe: ina mashamba ya chumvi, ina viwanja, ina migogoro. Misitu ya mikoko nchini Tanzania ni hifadhi ya serikali, na kufanya kazi ndani yake kwataka kibali na mazungumzo marefu. Uwanda wa tope haudaiwi na mtu mwenye sauti, isipokuwa wale waokota chaza, ambao hawaitwi mkutanoni. Nayo taarifa zetu, za ofisini na za wafadhili, huuliza miche mingapi imepandwa. Mimi mwenyewe nimepanda miti katika sherehe zisizopungua tano, na sijarudi kuutazama hata mmoja.

Tulipomaliza, binti yule alikaa juu ya tuta akiwa na daftari magotini. Mfadhili wao alikuwa anasubiri taarifa. “Mwalimu,” akasema, “nikiandika 126 kati ya 350, hawatatupa tena.” Vijana wengine walinyamaza. Mmoja alipendekeza waandike idadi iliyopandwa tu, kwani hilo ndilo lililoulizwa, na si uongo. Sikutaka kujifanya mwamuzi, maana fedha zikikatika si mimi nitakayekosa nauli ya kuja pwani. Nilisema tu kwamba, wakikubali, nitakaa naye kuandika taarifa yenye sehemu zote mbili kando kwa kando: 22 kati ya 200, na 104 kati ya 150. Ukizijumlisha, somo linapotea. Ukizitenganisha, zinaonyesha wapi pa kuendelea na wapi pa kuacha.

Tuliiandika, akaituma kwa jina lake. Baada ya wiki mbili mfadhili aliuliza: msimu ujao mtapanda miche mingapi? Akamjibu kwamba hawatapanda hata mmoja. Wanaomba kibali cha kufungua tuta lile katika sehemu mbili zaidi ili maji yaingie yenyewe na mbegu zake. Hadi leo mfadhili hajajibu.

Bamvua ijayo wanakwenda kukutana na mzee yule na wanawake waokota chaza, kabla ya kwenda ofisi yoyote. Safari hii nimeandika tofauti: Jumamosi, saa tatu asubuhi, nafasi nne kwenye gari, na nitaandika kumbukumbu za kikao.