Swali la Mjane Lililopotea Kwenye Muhtasari

Karatasi yenyewe ilikuwa na kurasa nne na kichwa cha habari "Maswali ya Wanahisa na Majibu ya Menejimenti". Niliiandaa mimi, nikiwa katika ofisi ya katibu wa kampuni, baada ya mkutano mkuu wa mwaka. Ilipelekwa kwa wanahisa ambao hawakufika Dar es Salaam, na hao ndio wengi. Kampuni imeorodheshwa Soko la Hisa, lakini sehemu kubwa ya wanahisa wake ni watu wa hisa chache walionunua zamani, leo wako Songea, Bukoba, Mbeya, na nauli ya kuja mkutanoni inazidi gawio lao la mwaka mzima. Kumbukumbu rasmi za mkutano huthibitishwa mkutano unaofuata, yaani mwakani. Kwa mtu wa Songea, karatasi yangu ndiyo iliyokuwa mkutano.

Ndani ya karatasi hiyo nilifuta swali la mjane, na watu waliokuwa na shida kama yake nikawapa jibu lisilowahusu.

Mkutano ulirekodiwa wote, na sauti ilichukuliwa moja kwa moja kutoka kwenye mtambo wa vipaza sauti. Mwenyekiti alipokea maswali matatu matatu, kisha akawapa nafasi wakurugenzi wajibu kwa pamoja. Mtindo huo huokoa muda ukumbini, lakini humtesa anayekuja kuandika baadaye, kwa sababu jibu moja linafuata maswali matatu na hakuna anayesema lipi ni la nani. Mimi nilianza kwa kuandika mada: gawio, bei ya hisa, posho za wakurugenzi, wakaguzi wa hesabu. Kisha nikasikiliza rekodi huku nikitupia kila swali chini ya mada yake. Hapo ndipo nilipoharibu, kabla hata ya kufika kwa mjane. Mada zikishakuwepo, sikio linatafuta neno linalolingana na mada, na maneno mengine yanapita.

Kwa baadhi ya maswali njia hiyo haikudhuru. Wanahisa kadhaa waliuliza kwa nini fedha waliyopokea ni pungufu ya ile iliyotangazwa. Mkurugenzi wa fedha alijibu kwamba ni kodi ya zuio, ambayo kwa kampuni iliyoorodheshwa Soko la Hisa ni asilimia 5: ukistahili gawio la shilingi 100,000, mkononi unapata 95,000. Nikayaunganisha maswali yale kuwa moja, na nilifanya sawa. Jibu lile, ukimsomea kila mmoja wao peke yake, lingemtosha.

Kundi lililofuata lilikuwa na watu watatu, na wote walitaja gawio ambalo halijawafikia. Wa kwanza alikuwa amehama benki. Wa pili alibadili namba ya simu, na gawio lake hulipwa kwa simu. Wa tatu alikuwa mama mmoja. Kwenye rekodi alisikika akisema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi gawio halijaingia tangu mwaka juzi, kwa sababu..." na sauti ikakatika. Mhudumu alikuwa ameshakiondoa kipaza sauti. Kilichofuata ni sauti ya mwenyekiti: "Ahsante sana mama. Mama naye anasema gawio lake halijaingia." Mkurugenzi wa fedha akajibu kwamba wote ambao hawajalipwa wajaze fomu ya kubadili taarifa za malipo, waisaini, waambatishe nakala ya kitambulisho, na watalipwa ndani ya siku 30.

Niliandika: "Wanahisa watatu waliuliza kuhusu gawio ambalo halijalipwa. Menejimenti ilieleza kuwa wajaze fomu ya kubadili taarifa za malipo, na malipo yatafanyika ndani ya siku 30." Sentensi mbili safi. Nilizipenda.

Karatasi ilipowafikia watu, simu zikaanza. Mmoja aliyepiga alikuwa mzee wa Mbeya, na alizungumza kwa upole kuliko nilivyostahili. "Mwanangu, hisa ni za marehemu kaka yangu. Mmesema nijaze fomu. Nisaini kwa sahihi ya nani?" Wengine walishajaza. Fomu zao zilirudishwa kwa sababu sahihi haikulingana na ile iliyo kwenye daftari la wanahisa, na mmoja alikuwa amesaini jina la baba yake aliyefariki, akidhani ndivyo kampuni ilivyomwelekeza.

Nilirudi kwenye rekodi nikiwa na wasiwasi juu ya ile sauti iliyokatika. Nilimtafuta mpiga picha wa video aliyekodiwa siku ile, kwa sababu kamera yake ilikuwa na kipaza sauti chake na ilinasa ukumbi wenyewe, si mtambo. Kwa mbali, chini ya kikohozi na viti vinavyosogezwa, yule mama anasikika akimalizia: mumewe alifariki, akaunti ya benki ya marehemu imefungwa, yeye ameteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi na barua alishaileta ofisini, mbona jina halijabadilishwa? Mwenyekiti hakulirudia hilo. Mkurugenzi hakulijibu. Kwa hiyo nilichofupisha mimi kilikuwa muhtasari wa mwenyekiti, na nikauita swali la mwanahisa.

Nilimweleza katibu wa kampuni, naye hakunificha hasira yake. Nilipotaka kuandika upya nikakutana na kishawishi kingine, nacho kilikuwa kibaya zaidi. Jibu sahihi nilikuwa nalijua: mwenye hisa akifariki, haitoshi kubadili namba ya akaunti, hisa zenyewe zinatakiwa zihamishwe kutoka jina la marehemu, na msimamizi huleta cheti cha kifo, barua ya mahakama ya kumteua, kitambulisho chake na hati ya umiliki wa hisa. Ningeweza kuliingiza kimyakimya chini ya "Menejimenti ilieleza", na asiyekuwepo asingejua. Lakini menejimenti haikueleza. Asiyekuwepo anaitumia karatasi ile kupima pia kama viongozi wa kampuni yake wanajibu wanapoulizwa, na hilo ningekuwa nimempotosha.

Toleo la pili lilitoka na maelezo ya wazi kwamba la kwanza lilikosea, na aliyejaza fomu kwa hisa za marehemu asubiri. Safari hii nilichora jedwali kabla ya mada yoyote: dakika ya rekodi, swali kama lilivyoulizwa, mwenyekiti alivyolirudia, aliyejibu, jibu lenyewe. Mtu aliyeuliza mambo matatu kwa pumzi moja alipata mistari mitatu. Safu ya mwisho ilikuwa ya hali: limejibiwa, limejibiwa nusu, limeahidiwa, halikujibiwa. Ilipojaa ndipo nikapanga mada. Swali la mjane likasimama peke yake, na mbele yake maneno "Halikujibiwa mkutanoni", kisha chini yake, "Ufafanuzi uliotolewa na ofisi ya katibu baada ya mkutano", pamoja na tarehe.

Mkurugenzi mmoja alitaka maneno "Halikujibiwa" yaondolewe, akisema yanaichafua menejimenti. Katibu alimwonyesha video. Maneno yakabaki.

Yule mama sijampata. Hakutaja jina, na daftari la mahudhurio linaonyesha walioingia, halionyeshi aliyeuliza nini. Tuliwaandikia wasimamizi wote wa mirathi ambao barua zao zilikuwa kwenye jalada bila kushughulikiwa. Waliojibu, hakuna aliyesema alikuwa ukumbini siku ile. Sasa mhudumu wa kipaza sauti humpa kila anayeuliza kikaratasi aandike swali lake kwa mkono wake pamoja na namba ya simu, na hakiondoi kipaza sauti mpaka muulizaji mwenyewe amekirudisha.