Mboni ndogo, moyo wa polepole: Macho ya mtoto yanavyosimulia sumu aliyokunywa

Mtoto anapofikishwa hospitali akishukiwa kunywa sumu, wahudumu kwanza huhakikisha anapumua. Baada ya hapo hufanya mambo mawili ambayo mzazi aliyejaa hofu anaweza kudhani ni kupoteza muda. Humulika macho ya mtoto kwa tochi, kisha huhesabu mapigo ya moyo wake huku wakitazama saa. Dakika hiyo moja inaweza kuwaeleza mengi kuliko maswali kumi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mama mmoja mfugaji ambaye mwanawe wa miaka mitatu, mwenye uzito wa kilo 15, alikunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Dawa ilikuwa imebaki kidogo baada ya kazi ya asubuhi, ikamiminwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa nyuma ya mlango wa jikoni. Ilikuwa saa nane mchana, na mtoto alikuwa na kiu.

Hazikupita dakika 20 mate yakaanza kumtoka kama maji. Machozi yakatiririka, akatapika, akajisaidia nguoni. Bibi yake akaja na kikombe. "Mwanangu, mpe maziwa yakate sumu," alimwambia mkwewe. Jirani akashauri atiwe kidole kooni atapike yote.

Mama hakufanya lolote kati ya hayo, na alikuwa sahihi. Dawa nyingi za kupe huchanganywa na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa. Mtoto aliyelegea akinyweshwa maziwa au akitapishwa, ni rahisi vitu hivyo kuingia kwenye mapafu. Alimvua nguo zilizolowa, akamwosha kwa sabuni na maji mengi kwa sababu sumu hii hupenya hata kwenye ngozi, kisha akapanda naye pikipiki.

Breki na mafuta

Hospitalini mapigo ya moyo yalikuwa 62 kwa dakika. Kwa mtu mzima hiyo ni hali ya kawaida, lakini mtoto wa umri ule akiwa macho hutarajiwa kuwa na mapigo 90 au zaidi. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa mithili ya kichwa cha pini, na hazikupanuka hata taa ilipozimwa. Kifuani kulisikika sauti kama sufuria ya maji yanayochemka.

Ili kuelewa wahudumu waliona nini, fikiria gari. Moyo una sehemu ndogo inayoanzisha kila pigo, na sehemu hiyo hupokea amri kutoka pande mbili za mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe, bila sisi kuamua. Upande wa simpathetiki ndio unaokanyaga mafuta. Mtu akishtuka au akikimbia, huachia kemikali ya noradrenalini na moyo hukaza mwendo. Upande wa parasimpathetiki ni breki. Mtu akila au akipumzika, huachia kemikali ya asetilikolini na moyo hupunguza mwendo.

Jicho nalo lina wakuu haohao wawili, ila kila mmoja ana msuli wake. Kuzunguka mboni kuna msuli wa duara unaobana kama uzi wa mdomo wa mfuko. Huo ni wa parasimpathetiki. Kuna msuli mwingine uliojipanga kama spoku za baiskeli, unaovuta mboni kwenda nje ili ipanuke. Huo ni wa simpathetiki. Kwa hiyo mboni huweza kuwa ndogo kwa sababu mbili tofauti: aidha msuli wa kubana umezidishiwa nguvu, au ule wa kuvuta umelegea. Hesabu hiyohiyo inahusu moyo wa polepole. Aidha breki imekanyagwa, au mguu umeondolewa kwenye mafuta.

Kwa kawaida asetilikolini haikai muda mrefu. Mara tu ikishatoa amri, kimeng'enya maalumu huikatakata. Dawa za kuua wadudu za kundi la oganofosfeti humfunga mikono mkataji huyo. Asetilikolini hurundikana, na breki hubaki imekanyagwa. Upande huohuo wa parasimpathetiki ndio unaoamrisha mate, machozi, tumbo na majimaji ya kwenye njia za hewa. Ndiyo maana mtoto alikuwa analowa kila mahali, ndani na nje. Kilichokuwa kinatishia uhai wake hasa hakikuwa moyo wala macho. Alikuwa anazama katika majimaji ya mapafu yake mwenyewe.

Dawa inayokaa kwenye kiti cha sumu

Alipewa hewa ya oksijeni, majimaji ya mdomoni yakanyonywa kwa mashine, kisha ikafuata sindano ya atropini. Dawa hii haiondoi sumu mwilini. Inachofanya ni kukaa mahali ambapo asetilikolini ingekaa ili kutoa amri, hivyo dozi ikitosha, moyo na mapafu havisikii amri hiyo.

Dozi ya kwanza ilikuwa miligramu 0.02 kwa kila kilo, yaani miligramu 0.3 kwa kilo zake 15. Baada ya dakika tano kifua kilikuwa bado kinachemka, ikaongezwa maradufu kuwa 0.6. Dakika tano nyingine, ikawa 1.2. Hapo ndipo kifua kikaanza kuwa kikavu na mapigo yakapanda hadi 118.

Mama alikuwa anatazama macho. Mboni zilikuwa bado ndogo, akaogopa kwamba dawa haijafanya kazi. "Usiangalie macho sasa, mama," muuguzi alimwambia. "Macho huchelewa. Tunasikiliza kifua." Macho yalisaidia kutambua ugonjwa, lakini si kipimo kizuri cha kujua kama dawa imetosha. Kipimo ni hewa kuingia na kutoka kwenye mapafu bila kukoroma maji.

Breki ikiachiwa kupita kiasi

Usiku atropini iliendelea kuingia kidogo kidogo kwa dripu. Kabla ya alfajiri mtoto alikuwa mtu mwingine. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu, mdomo mkavu, mapigo 170. Alikuwa anachunachuna shuka na kuzungumza na watu wasiokuwepo, na tumbo lilikuwa kimya kabisa. Mboni sasa zilikuwa pana, na alipomulikwa alilia na kugeuza uso. "Nesi, mwanangu amepofuka?" mama aliuliza.

Hakuwa amepofuka. Msuli wa duara ulikuwa umenyamazishwa, hivyo mwanga mwingi uliingia bila kizuizi, na jicho lilishindwa kujirekebisha ili kuona vitu vya karibu. Hata matone ya macho yenye atropini yanayotumika katika vipimo vya watoto huweza kuacha mboni ikiwa pana kwa wiki moja au zaidi. Kwa mtoto huyu, dalili zote pamoja zilionyesha kwamba dozi imezidi. Dripu ilisimamishwa kwa muda, akatulia, kisha ikarudishwa kwa kasi ndogo.

Sura hiyo ya pili inaweza kuletwa na mmea uotao kando ya zizi na shamba. Mnanaha, ule wenye tunda la miiba, una atropini na hayosini ndani ya mbegu zake. Machi 2019, huko Karamoja nchini Uganda, unga wa lishe uliokuwa umechanganyika na kemikali hizo uliwaugua takriban watu 300, na watano walifariki. Walikuwa wanachanganyikiwa. Mzazi akimwona mtoto amekauka mdomo, ana joto, moyo unakwenda mbio, mboni zimepanuka na anaropoka, asikimbilie kusema amepagawa. Atazame pia alichokula.

Siku ya tatu

Mtoto alionekana amepona. Alikunywa uji, akatabasamu. Mama aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, akaambiwa asubiri. Kila baada ya saa chache muuguzi alimwomba mtoto anyanyue kichwa kutoka kwenye mto.

Sababu ni kwamba asetilikolini haiamrishi moyo na macho peke yake. Ndiyo pia inayoiamuru misuli ya mikono, ya shingo na ya kupumulia, na huko atropini haifanyi kazi. Kati ya siku ya kwanza na ya nne baada ya kunywa sumu, misuli hiyo huweza kulegea wakati mapigo na mboni vimerudi vizuri. Shingo mara nyingi hutangulia.

Jioni ya siku ya tatu mtoto alishindwa kunyanyua kichwa. Alihamishiwa kitanda kilicho karibu na mashine ya kupumulia, akafuatiliwa usiku kucha. Mashine haikuhitajika. Siku ya tano shingo ilipata nguvu, na siku ya tisa alirudi nyumbani. Kama angeruhusiwa mapema, huenda udhaifu ule ungemkuta usingizini, mbali na hospitali.

Chupa nayo ije hospitali

Kuna jambo moja ambalo mama aliulizwa mara nne, na mwisho ikabidi mumewe atumwe nyumbani: kopo lenye lebo. Lile la soda halikusema lolote.

Madukani kuna dawa nyingine ya kupe, amitrazi, ambayo huuzwa rafu moja na oganofosfeti. Mtoto aliyeinywa naye huweza kuwa na moyo wa polepole na mboni ndogo, tena akalala fofofo. Lakini amitrazi haikanyagi breki. Inaondoa mguu kwenye mafuta, kwa kutuliza upande wa simpathetiki. Mtoto wa namna hiyo kwa kawaida hafuriki mate, na kifua chake hakichemki. Kumjaza atropini kama yule wa oganofosfeti ni kumpa sumu ya pili. Huhitaji zaidi kusaidiwa kupumua na kulindwa hadi dawa iishe nguvu, na atropini hutumika tu moyo ukizidi kupungua. Dawa kali za maumivu kama tramado na mofini nazo hubana mboni, na hatari yake ni pumzi kupungua.

Dalili zenyewe pia hazifuati kitabu kila mara. Baadhi ya watoto waliokunywa oganofosfeti huwa na mapigo ya haraka kwa kukosa hewa, na wengine huanza na degedege. Macho na moyo huonyesha upande upi wa mfumo wa neva umeelemewa. Aliyeuelemea ameandikwa kwenye lebo, kwa hiyo kopo hilo litiwe kwenye mfuko wa plastiki, lifungwe, na lipande pikipiki pamoja na mtoto.