Nesi Aliuliza: Nani Pete Yake Haimuingii Tena?

Wadau, kuna mdada mmoja hapa mjini, fundi wa mekapu, wengi wenu mnamfolo. Jina simtaji ng'o. Ameniruhusu nisimulie yaliyomkuta kliniki kwa sharti moja tu: nisimwanike. Mimi nilikuwepo kwa sababu nilimsindikiza shosti wangu mjamzito, na wote tulikaa benchi moja tukisubiri kupimwa.

Nesi alikuwa mama mtu mzima, sauti kama ya MC wa harusi. Dalili za hatari alizipitia harakaharaka: kutokwa damu, homa kali, chupa kupasuka kabla ya uchungu, mtoto kupunguza kucheza. Ukiona hata moja, hospitali saa hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki. Watu wakaitikia. Damu haihitaji maelezo, ukiiona unakimbia.

Ila akasema kinachomnyima usingizi ni kifafa cha mimba, kwa sababu kinaanza kama uchovu wa kawaida. Ndipo akauliza, "Nani pete yake haimuingii tena?"

Yule mdada akacheka, akaonyesha pete yake ikining'inia kwenye mkufu. "Mama, nimenenepa tu. Tangu wiki iliyopita haipiti."

Nesi hakucheka. "Miguu kuvimba jioni, ukilala inapungua, hiyo huwapata wengi, mwanangu. Uso na vidole vikivimba ghafla ni habari nyingine. Kichwa je?"

Kumbe kichwa kilikuwa kinamuuma siku ya tatu, anameza panado na hakiachi. Asubuhi aliona vinyota akadhani ni taa ya kupigia picha. Chini ya mbavu upande wa kulia palikuwa panachoma, akajipa vidonda vya tumbo. Mimba ya kwanza, wiki ya 34. Kila kitu alikuwa amekipatia jina la kitu kingine!

Nesi akatueleza kwamba baada ya wiki ya 20 presha inaweza kupanda kwa tatizo linaloanzia kwenye kondo la nyuma. Mishipa ya damu inaumia mwili mzima. Kwenye figo, protini inavuja na kutoka na mkojo. Kwenye ini, ndiyo yale maumivu chini ya mbavu. Kwenye ubongo, kichwa na macho, na ikifika mbali zaidi mtu anaanguka degedege. Hapo majirani wanasema karogwa, na muda unapotea.

Akapimwa palepale: 164 kwa 112. Wakampumzisha kidogo wakarudia, haikushuka. Kipimo cha mkojo kikaonyesha protini nyingi. Kwa mjamzito, 140 kwa 90 tayari ni presha ya kufuatiliwa, na ikifika 160 kwa 110 ni dharura. Kilichonishtua ni kwamba alitembea mwenyewe, kapaka lipstiki, anapiga stori. Presha yenyewe haiumi. Na wapo ambao hawavimbi popote, kwa hiyo ukija kliniki usikubali kuondoka bila kupimwa presha na mkojo.

Hakuruhusiwa kurudi nyumbani kuchukua begi. Alichomwa magnesiamu, ikiwemo sindano mbili nene, moja kila tako (anasema zinaunguza, asikudanganye mtu), akapewa na dawa ya kushusha presha, gari likampeleka hospitali kubwa. Magnesiamu inazuia degedege, haiponyi ugonjwa. Ugonjwa unaanza kuondoka mtoto na kondo vikishatoka, ndiyo maana madaktari hawakungoja wiki ya 40. Alijifungua kesho yake, mtoto mdogo lakini analia vizuri.

Shosti wangu akauliza, je, mtu akianguka nyumbani? Nesi akasema mlaze ubavu wa kushoto, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, tafuta usafiri. Kwa hapa Tanzania kuna namba ya bure ya m-mama, 115, ya usafiri wa dharura kwa wajawazito na waliojifungua. Hata degedege likikoma na akaamka anaongea, bado anapelekwa.

Mume wa yule mdada naye alidhani mtoto akishatoka mchezo umeisha. Wapi! Hatari inabaki, hasa wiki ya kwanza, na inaweza kujitokeza hadi wiki 6 baada ya kujifungua, hata kwa mtu ambaye presha yake ilikuwa sawa wakati wa ujauzito. Siku ya tano kichwa kilimrudia, safari hii hakumeza panado. Walirudi wodini usiku huohuo, wakamuongezea dawa, na mpaka leo anapimwa presha kila akipeleka mtoto kliniki. Pete bado iko kwenye mkufu.