Karatasi ya Getini

Mtoto wangu wa kwanza nilimwachisha ziwa akiwa na miezi minne na nusu, na sikumwachisha kwa kupenda. Maziwa yalikauka. Watu wa bloku walisema nimerogwa, mama mkwe akasema sili vizuri. Hakuna aliyesema habari ya ratiba ya kazi, hata mimi mwenyewe.

Mimi ni mkalimani wa kliniki hapa Kakuma, mfanyakazi wa insentivu. Natafsiri Kibembe, Kirundi na Kiswahili. Kabla ya ile mimba ya kwanza nilikuwa ndiye ninayepanga zamu za wakalimani wenzangu watano. Siku naenda likizo, mkubwa wa wakati ule aliniambia, "Wewe nenda ujifungue salama, nafasi yako ipo." Nikashukuru, nikaenda. Niliporudi nafasi ilikuwepo kweli, ila ilikuwa nafasi tu, si ile yangu. Zamu zilipangwa na mwingine, na mimi nikapelekwa wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Kuhusu kunyonyesha niliambiwa, "Tutaona." Tuliona. Titi la kushoto likawa gumu kama jiwe, likawa la moto, homa ikanishika katikati ya kutafsiria mama mwingine jinsi ya kunyonyesha. Unaweza kucheka, mimi sasa nacheka.

Kwa hiyo mimba ya pili nilijiambia, safari hii sitarudi kabla ya kupata karatasi.

Muuguzi mmoja, mama Mkenya tunayemheshimu sana, alinieleza sheria za hapa zinasemaje. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili, na inasema akirudi ana haki ya kazi ileile aliyoiacha, au nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyopungua yale ya mwanzo. Halafu kuna Sheria ya Afya ya 2017: kila saa nane za kazi, mama anayenyonyesha apewe muda usiozidi saa moja wa kunyonyesha au kukamua, mbali na saa ya chakula. Na mwajiri aweke mahali pake, penye kiti, meza ndogo, maji ya kunawa, kitu cha kupoozea maziwa na umeme.

Sasa, sisi wa insentivu tunasaini makubaliano, tunalipwa posho, na ukisema neno ajira watu wanaanza kubishana. Sikutaka ubishi huo. Niliitumia sheria kama futi ya kupimia tu, kwamba hiki ndicho nchi inaona kinamtosha mama, nyie mnaweza kunipa kiasi gani?

Wiki tatu kabla ya kurudi nikaandika barua pepe kwa mkubwa wangu mpya, tunamwita Madam. Niliandika fupi. Nitarudi tarehe fulani. Naomba uthibitishe kwamba narudi kwenye kazi ya kupanga zamu kama nilivyoiacha. Saa zangu ni saa mbili asubuhi hadi saa kumi, bila usiku mpaka mtoto afikishe mwaka. Ndani ya saa hizo naomba nusu saa mbili za kunyonyesha. Na naomba kujua ni chumba gani.

Madam hakukataa. Aliniita ofisini, akanipa kiti, akauliza mtoto anaendeleaje, kisha akasema, "Dada, nimefikiria. Kwa nini usiunganishe hizo nusu saa mbili, uondoke saa tisa kila siku? Utakuwa na mtoto jioni yote."

Hapo ndipo wengi tunakubali. Inasikika vizuri, na ukikataa unaonekana huna shukrani. Nusura nikubali na mimi. Lakini maziwa si siku za likizo, huwezi kuyalimbikiza uje uyachukue pamoja. Titi likijaa likakaa saa sita bila kutolewa, mwili unaelewa kwamba maziwa hayo hayahitajiki, unapunguza kuyatengeneza. Ndivyo yalivyokauka ya mtoto wa kwanza. Na mtoto wa miezi mitatu hana chakula kingine. Nilimweleza hivyo, kwa adabu, nikamwambia mpango wake ni mzuri ila tuuweke kwa baadaye, mtoto akifikisha miezi sita na kuanza uji.

Akanyamaza kidogo. Kumbe shida yake ilikuwa nyingine: mgonjwa yuko mbele ya daktari, katikati ya maelezo, mkalimani anainuka anaenda kunyonyesha. Nani anabaki? Ni swali la haki, na barua yangu haikulijibu. Tukakubaliana kwamba dakika kumi kabla ya saa nne na nusu, na vilevile kabla ya saa nane na nusu, sianzi mgonjwa mpya, na mwenzangu wa Kirundi anashika dharura. Saa ya chakula, saa sita na nusu, inabaki ya kwangu, kwa hiyo mtoto ananyonya mara tatu nikiwa kazini.

Kukamua nako tulikuzungumzia. Nyumbani kwangu ni dakika thelathini na tano kwa miguu, nusu saa haitoshi hata kufika. Friji ya kliniki ni ya chanjo, haiguswi. Na kwa joto la hapa maziwa yaliyokamuliwa siwezi kuyaacha mezani mchana kutwa. Kwa hiyo mdogo wangu angemleta mtoto, na kukamua kungebaki kwa siku mtoto ameshindwa kuja, kwa mkono, ndani ya kikombe kilichochemshwa. Chumba kikapatikana, stoo ya fomu. Kina kiti na mlango unaofungwa kwa ndani. Maji ya kunawa nachukua koridoni. Choo walikuwa wamekitaja, nikasema hapana, hakuna mtu anayekula chooni.

Siku mbili baadaye Madam akajibu kwa maandishi: kazi, saa, vipindi, chumba, nani ananishikia, na tarehe ya kukaa tena mtoto akifikisha miezi sita. Nikaichapisha, nikaiweka kwenye pochi.

Siku ya kwanza ikaenda sawa, ya pili pia. Siku ya tatu, saa nne na nusu, nakaa stoo, mtoto haji. Saa tano kasoro kumi blauzi imelowa. Nikaenda getini. Mdogo wangu yuko nje, juani, mtoto analia mpaka sauti imekatika, na mlinzi mgeni wa zamu hiyo ananiambia kwa upole kabisa, "Mama, wageni ni siku ya Jumanne na Alhamisi. Huyu hana kibali." Nikamwonyesha karatasi. Akaisoma yote. Akasema, "Hapa umeandikwa wewe. Wewe unaingia. Mtoto hajaandikwa."

Alikuwa sahihi. Tulithibitisha kila kitu isipokuwa jinsi mtoto atakavyopita mlangoni. Nilimnyonyesha pale pale, nyuma ya kibanda cha mlinzi, yeye akageuka akatazama barabara.

Mchana uleule Madam akaongeza mstari mmoja: jina la mtoto, jina la anayemleta, saa zao tatu za kuingia, na nakala kwa mkuu wa walinzi, ibandikwe kibandani ili kila zamu iione.

Tarehe ya kukaa tena ni mwezi ujao. Titi la kushoto ni laini mpaka leo. Kwenye daftari la getini, safu ya sababu ya kuja, mlinzi yule anaandika kila siku kwa herufi kubwa: KAZI.